Matone Arobaini na Mawili

Agizo la daktari huwa fupi: maji ya chumvi lita moja, saa nane. Linaandikwa kwenye chati, daktari anahamia kitanda kinachofuata, na muuguzi anabaki nalo. Tatizo ni kwamba mrija wa dripu haujui lita wala saa, unajua matone tu. Kugeuza lita na saa kuwa matone kwa dakika ni somo ambalo wanafunzi wa uuguzi hukutana nalo mapema, na kwenye mtihani hulijibu kwa mistari mitatu. Nimewahi kusimama pembeni katika wodi ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, pale Kibaha, nikamtazama sista mzoefu akilitekeleza agizo la namna hiyo tangu asubuhi hadi jioni. Hesabu ilikuwa sehemu nyepesi kuliko zote.

Tuanze nayo hata hivyo, kwa sababu bila hiyo hakuna kinachofuata. Muuguzi anahitaji vitu vitatu: ujazo kwa mililita, muda kwa dakika, na idadi ya matone ambayo mrija wake hutumia kutoa mililita moja.

matone kwa dakika = (mililita × matone ya mililita moja) ÷ (saa × 60)

Lita moja ni mililita 1000. Mrija wa kawaida wa mtu mzima hutoa mililita moja kwa matone 20, kwa hiyo chupa zote zina matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya 20,000 kwa 480 upate 41.67, na kwa kuwa hakuna anayeweza kudondosha theluthi mbili za tone, inakuwa 42.

Mwanafunzi aliyekuwa na sista siku ile alifika kwenye jibu haraka.

"Sista, nimepata arobaini na mbili."

"Pakiti umeisoma?"

"Seti zote si ni ishirini, sista?"

Sista hakumjibu. Aliokota pakiti tupu iliyokuwa juu ya toroli, akamwonyesha mchoro mdogo wa tone wenye namba 20 pembeni yake. Halafu akafungua droo, akatoa seti nyingine iliyofanana kabisa na ile kwa rangi na urefu, tofauti yake ikiwa kwamba ndani ya chemba yake kulikuwa na sindano nyembamba ya chuma ikichungulia kutoka juu. Hiyo ndiyo seti ya matone madogo, na mchoro wake umeandikwa 60. Za kuongezea damu nyingine hutoa matone 15 kwa mililita, nyingine 20, kutegemea mtengenezaji. Ujazo na saa mwanafunzi huvisoma kwenye chati, lakini namba ya tatu haipo kwenye chati, ipo kwenye pakiti ambayo watu wengi huichana na kuitupa kabla hawajaiangalia.

Kuna njia ya mkato ambayo wauguzi wa zamani wote wanayo kichwani, na inafaa kuelezwa inatoka wapi ili isije ikatumika pasipo pake. Saa moja ina dakika 60. Kwa mrija wa matone 20, ukigawa 60 kwa 20 unapata 3. Kwa hiyo ukishajua mililita za kila saa, gawanya kwa 3 tu, umepata matone kwa dakika. Lita moja kwa saa nane ni mililita 125 kila saa; gawa kwa 3, unarudi kwenye 41.67 ileile. Mrija wa matone 15 unagawa kwa 4. Mrija wa matone 60 hugawi kitu: mililita za saa ndiyo matone ya dakika, 125 kwa 125. Sista alifanya hesabu yote kwa mdomo huku akifungua plasta, kisha akaifanya tena kwa kanuni ndefu kwenye pembe ya chati. Nilipomuuliza kwa nini mara mbili, alisema njia zile mbili hazikosei mahali pamoja.

Kuanzia hapo mkono ndio unaofanya kazi. Chemba ya matone inaminywa na kuachiwa hadi ijae karibu nusu. Ikijaa sana hutaona matone yakianguka, na ikiwa na maji kidogo mno hewa huingia mrijani. Chupa inatundikwa karibu mita moja juu ya mkono wa mgonjwa. Roli inafunguliwa taratibu. Halafu anafanya jambo ambalo wanafunzi wengi huliruka: anainua saa yake hadi usawa wa chemba, karibu kabisa, ili jicho lione mshale wa sekunde na tone kwa pamoja. Anayetazama chemba, kisha akatazama kifuani ilipo saa, kisha akarudi kwenye chemba, atakuwa amepoteza tone moja au mawili kila anapogeuza macho.

Muda wa kuhesabu nao una ujanja wake. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Kwa 42 njia hiyo inakwama, maana robo yake ni 10 na nusu. Ukihesabu 10 unapata 40, ukihesabu 11 unapata 44, na tofauti hiyo kwa saa nane ni karibu mililita 100. Sista alipanga roli kwa nusu dakika akitafuta 21, na aliporidhika akahesabu dakika nzima bila kugusa kitu. Ilitoka 43. Alisukuma roli kwa ncha ya kidole gumba, kiasi ambacho mimi sikuona kama imesogea, akahesabu dakika nyingine. 42.

Hapo ningedhani kazi imekwisha. Kumbe ile 42 ina shaka ndani yake, na sista alijua. Kiwango cha kimataifa cha mirija ya dripu, ISO 8536-4, kinasema matone 20 ya maji yaliyokenekwa yatoe mililita moja, na kinaruhusu ipungue au izidi kwa sehemu moja ya kumi. Maana yake mrija mzima usio na kasoro, uliohesabiwa vizuri, unaweza kutoa mililita 900 au 1100 pale ulipotarajia 1000. Hapo ndipo unapoona kwamba kubishana kuhusu 41.67 na 42 ni kupoteza muda: kukadiria kwenda juu kunaongeza mililita 8 tu kwa saa nane, wakati mrija wenyewe unaweza kuyumba kwa mililita 100. Vimiminika vizito kuliko maji hubadilisha pia ukubwa wa tone. Na plastiki ya mrija iliyobanwa na roli huendelea kulegea au kujikunja polepole baada ya kidole kuondoka, kwa hiyo matone yaliyokuwa 42 saa nne asubuhi yanaweza kuwa 36 saa tano kasoro bila mtu yeyote kugusa kitu.

Ndiyo maana alibandika plasta. Alichukua ukanda mrefu wa plasta nyeupe, akaushusha ubavuni mwa chupa kutoka juu hadi chini, na kwa kalamu akaweka alama. Chupa zetu nyingi ni za mililita 500, kwa hiyo lita moja ni chupa mbili za saa nne kila moja. Alianza saa nne asubuhi. Penye 375 aliandika saa tano, penye 250 saa sita, penye 125 saa saba, na mwisho kabisa saa nane mchana, wakati wa kutundika chupa ya pili. Pembeni ya kila saa aliandika pia namba ya chati, 1100, 1200, 1300, 1400, kwa sababu mdomo wa wodi unasema saa tano na chati inasema 1100, na anayepokea zamu akiwa amechoka asiachiwe kazi ya kutafsiri.

Matone yanakuambia dripu inaendaje sasa hivi. Plasta inakuambia imekwendaje tangu ilipoanza, na hilo ndilo daktari aliloagiza. Sista yule alikuwa akipita kila alipopata nafasi, na jicho lake lilitua kwanza kwenye plasta. Kama maji yapo sawa na alama, alihesabu matone kwa haraka na kuendelea. Kama hayapo sawa, alisimama.

Saa saba mchana hayakuwa sawa. Chupa ilipaswa kubaki na mililita 125, ikabaki na 250. Zilikuwa zimeingia 250 badala ya 375. Mwanafunzi alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye roli, na sista akamzuia kwa kumgusa kiwiko.

"Kwanza tujue kwa nini."

Mgonjwa, mama wa makamo, alikuwa amelala ubavu na mkono wenye kanula umekunjwa chini ya shavu. Sista alimwomba radhi, akaunyoosha mkono. Matone yalifufuka mbele ya macho yetu, kutoka yale ya kusuasua hadi mfululizo. Hata hivyo hakutosheka. Aliangalia kama mahali pa kanula pamevimba au ni pa baridi, maana maji yakivuja nje ya mshipa dripu hupungua vilevile, na kuongeza kasi hapo ni kumjaza mtu maji chini ya ngozi. Alifuata mrija kwa vidole hadi chini kutafuta uliposokoteka. Alitazama kifuniko kidogo cha tundu la hewa juu ya chemba, kwa sababu chupa hizi za plastiki ngumu zikikosa hewa ya kujaza nafasi ya maji yanayotoka, huvuta kwa ndani na matone huzidi kuwa machache kadiri chupa inavyopungua. Kilikuwa kimefunguliwa. Tatizo lilikuwa mkono tu.

Baada ya hapo ndipo hesabu ikarudi, na ni hesabu mpya. Zimebaki mililita 250 kwenye chupa hii na 500 kwenye ijayo, jumla 750. Muda uliobaki hadi saa kumi na mbili jioni ni saa tano. Mililita 750 kwa saa tano ni 150 kila saa, gawa kwa 3, matone 50. Kutoka 42 hadi 50 ni nyongeza ya karibu sehemu moja ya tano, na kwa mama asiye na shida ya moyo wala figo aliona inavumilika, akaiandika na kumjulisha daktari. Kanuni inayofundishwa sehemu nyingi ni kwamba nyongeza ikivuka robo ya kasi ya mwanzo, muuguzi asiamue peke yake. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu hata hii ya sehemu moja ya tano asingeigusa. Angeacha 42 ileile na kukubali chupa ichelewe. Kosa baya kuliko yote, alisema, ni la mtu anayeona dripu imechelewa akafungulia roli ili "kufidia". Mapafu ndiyo huonyesha kosa hilo: kikohozi, kupumua kwa shida, mishipa ya shingo kujaa.

Nimesema wodini kwa makusudi. Tumbi ipo jirani na barabara ya Morogoro, na majeruhi wa ajali huletwa pale. Mtu aliyepoteza damu nyingi na mapigo hayashikiki hahesabiwi matone. Roli hufunguliwa yote na vipimo vyake huangaliwa kila dakika chache. Hesabu ya matone ni ya mgonjwa ambaye mwili wake unaweza kusubiri saa nane.

Mtoto anayeharisha yupo katikati ya hali hizo mbili, na hapo ndipo ninapoona ufundi huu ukifika mwisho wa uzuri wake. Tuseme yupo katika kituo cha afya upande wa Maneromango, wilayani Kisarawe. Ana miezi minane, kilo 7, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole mno, hawezi kunyonya. Hana utapiamlo mkali, maana huyo angekuwa na utaratibu wake tofauti. Mpango wa Shirika la Afya Duniani kwa upungufu mkali wa maji, unaofahamika kama Mpango C, unataka mtoto wa chini ya mwaka apewe mililita 30 kwa kila kilo katika saa ya kwanza, halafu mililita 70 kwa kila kilo katika saa tano zinazofuata. Maji yanayopendekezwa ni Ringa lakteti, na yakikosekana, maji ya chumvi.

Saa ya kwanza ni 30 mara 7, mililita 210. Kwa mrija wa matone 20, gawa 210 kwa 3: matone 70 kwa dakika. Ni mengi lakini jicho linaweza kuyafuata. Kwa mrija wa matone 60 ingekuwa 210 kwa dakika, zaidi ya matatu kila sekunde, na hakuna jicho linalohesabu hivyo. Mtu angesema mtoto ni wa matone madogo, lakini saa hii ya kwanza inaomba mrija wa wakubwa.

Saa tano zinazofuata ni 70 mara 7, mililita 490, yaani 98 kila saa. Mrija wa matone 20 unatoa 98 gawa kwa 3, karibu 33. Mrija wa matone 60 unatoa 98 zilezile. Sasa fikiria mtu amebadilisha seti kati ya awamu hizo mbili, na namba ikabaki ile ya zamani kwenye karatasi. Matone 33 kwenye mrija wa 60 ni mililita 33 kwa saa, theluthi ya alichohitaji mtoto, na ataendelea kukauka huku kila anayepita akiona dripu inadondoka vizuri. Kinyume chake, matone 98 kwenye mrija wa 20 ni mililita 294 kwa saa, mara tatu. Katika hali zote mbili aliyehesabu matone amehesabu sawasawa. Ndiyo maana kwenye chati ya mtoto muuguzi makini huandika mililita za kila saa kwanza, matone baadaye, na aina ya mrija pembeni yake. Mililita hazibadiliki seti ikibadilishwa.

Kwa mtoto huyu pia chupa kamili haitundikwi ikaachwa. Penye soluseti, lile bomba la plastiki lenye alama za mililita kati ya chupa na mrija, humwagiwa maji ya saa moja tu kisha roli ya juu inafungwa, ili hata ya chini ikilegea yasiingie zaidi ya hayo. Soluseti nyingi huwa ni za matone 60, kwa hiyo inafaa zile saa tano za baadaye kuliko ile ya kwanza. Penye mrija mtupu, plasta hugawanywa kwa vipande vya nusu saa. Mtoto anaangaliwa kila dakika 15 hadi 30: mapigo ya mkononi, ngozi ya tumbo, kope. Saa ya kwanza ikiisha na mapigo bado ni dhaifu sana au hayashikiki, zile mililita 210 hurudiwa mara moja. Akianza kuweza kumeza, hata dripu ikiwa bado inaendelea, hupewa ORS kidogo kidogo, kama mililita 5 kwa kila kilo kwa saa. Kwake hiyo ni mililita 35, vijiko saba vya chai.

Pengine itaamuliwa apelekwe Hospitali ya Wilaya Kisarawe au aende mbali zaidi, Tumbi au Dar es Salaam. Ndani ya gari la wagonjwa ile mita moja ya kimo haipo. Paa linaruhusu nusu yake, na kwa kuwa kinachosukuma maji ni uzito wa maji yenyewe kutoka juu, msukumo nao unapungua karibu nusu. Roli iliyopangwa wodini kwa 33 itatoa machache zaidi garini, na barabara ikiwa mbovu maji ndani ya chemba hurukaruka kiasi kwamba huwezi kuhesabu chochote. Muuguzi anayesindikiza hupanga roli upya gari likiwa limesimama, chupa ikiwa tayari kwenye ndoano yake, halafu njiani anategemea plasta na saa. Akiona damu imeanza kupanda mrijani kutoka kwenye kanula, anajua kimo hakitoshi, na huishika chupa juu kwa mkono.

Anayempokea hamuulizi matone mangapi. Anauliza ameanza saa ngapi na ameingiwa na ngapi, anasoma chupa mwenyewe, anatundika kwenye stendi ndefu ambako matone yataongezeka ghafla kwa sababu kimo kimerudi, na kabla hajaandika neno lolote kwenye chati yake anashika roli na kuinua saa usawa wa chemba.